Msaada: kuchora alama za lita kwenye fimbo ya kupimia dizeli, tenki la mstatili

Mpunga_Mbarali (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kukoboa mpunga huku Mbarali, matrekta mawili na pawatila moja, na vyote vinakunywa dizeli kutoka tenki moja lililo nyuma ya ghala. Ni tenki la kuchomelea, la mstatili. Kwa nje urefu ni sentimita 120, upana 80, kimo 100. Fundi aliyelitengeneza aliniambia ni la lita elfu moja, akanipa na fimbo ya flati ya alumini aliyoichora mistari. Kila sentimita moja anaihesabu lita 10.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwanzo wa mwezi tulipima, fimbo ikasoma 800. Tangu hapo kijana wa stoo ametoa madumu 24 ya lita 20, jumla lita 480, kila dumu limeandikwa na dereva amesaini. Zilipaswa kubaki 320. Juzi tumechovya fimbo mara tatu na mara zote inasoma 294. Lita 26 hazionekani. Kijana ameapa hajagusa hata kikombe. Nimekaa naye miaka minne sijawahi kumshika na kitu, lakini kwa hasira nimeshamwambia nitamkata kwenye mshahara.

Kabla sijafanya hivyo nataka nijue kama fimbo yenyewe inasema kweli. Fimbo inachorwaje ili kila alama ionyeshe lita zilizobaki?

---

KijanaWaGereji (Jumatatu, saa 2:25 usiku)

Mkuu, fimbo ya injini usiichore upya. Ina alama mbili tu, ya chini na ya juu. Zima injini, subiri kama dakika tano oili ishuke, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena usome. Oili ikiwa katikati ya alama hizo mbili uko salama.

---

Mpunga_Mbarali (Jumatatu, saa 2:31 usiku)

Asante kaka, ila siongelei oili ya injini. Ni tenki la kuhifadhia dizeli, lile tunalochotea.

---

fundi nondo (Jumatatu, saa 2:48 usiku)

Hesabu yake nyepesi sana. Lita moja ni boksi la sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Sasa 120 mara 80 mara 100 ni 960,000, gawa kwa 1000 unapata lita 960. Kwa hiyo tenki lako si la lita elfu, ni la 960, na kila sentimita ya fimbo ni lita 9.6. Fundi mwenzangu alizungusha namba tu. Futa alama zake, chora upya kwa 9.6, umemaliza.

Kama hupendi hesabu, lisafishe liwe tupu, mimina dumu moja la lita 20, chovya, kwaruza alama. Mimina la pili, chovya, kwaruza. Nenda hivyo mpaka juu. Mimi nimewafanyia wengi hivyo.

---

MzeeKipimo (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Ndugu yangu wa Mbarali, kabla ya kumkata kijana mshahara nisomee hii mpaka mwisho. Nimefanya kazi ya kuchovya matenki ya depo kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na jambo lako nimeliona mara nyingi.

Fundi nondo njia anaijua, ila amepima chuma pamoja na mafuta. Dizeli inakaa ndani. Ukichukua vipimo vya nje unahesabu na unene wa bati, tena pande zote mbili. Nenda mdomoni mwa tenki, pale palipokatwa, upime unene kwa rula yenye milimita. Tuseme ni milimita 3, matenki mengi ya ukubwa huo hutengenezwa kwa bati hilo. Urefu wa ndani utakuwa 119.4 na upana 79.4. Zidisha, gawa kwa 1000, unapata lita 9.48 kwa kila sentimita. Kimo huna haja nacho kabisa katika kuchora alama. Unachohitaji ni eneo la sakafu ya tenki, basi.

Sasa tizama shauri la kijana. Lita 480 ukizigawa kwa 9.48 zinashusha mafuta sentimita 50.6. Fimbo yenu inahesabu kila sentimita kuwa lita 10, kwa hiyo itasema zimetoka lita 506. Yeye ametoa 480. Tofauti ni 26, zile zile unazozitafuta. Kama madumu yake yalijazwa lita 20 sawasawa, hakuna aliyeiba. Fimbo ndiyo iliyokudanganya.

Nenda kapime bati kwanza. Pia niambie tundu la kuchovyea liko sehemu gani ya tenki, na kama tenki limelala sawa au limeinama.

---

Mpunga_Mbarali (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mara mbili na mikono inatetemeka. Madumu yana mstari wa wino aliouchora kijana mwenyewe pale kituo cha mafuta, pampu ilipofika 20.00, na anajaza mpaka kwenye mstari, sio mpaka mdomoni. Nimempigia simu usiku huu huu nikamwomba radhi.

Kesho asubuhi nitapima bati na hayo mengine.

---

Mama Stoo (Jumanne, saa 1:20 asubuhi)

Umefanya vizuri kumpigia. Mimi natunza stoo ya mafuta ya kampuni ya ujenzi, na nakuunga mkono kwenye hilo la dumu. Dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula linaitwa la lita 20, lakini ukilijaza mpaka mdomoni linabeba zaidi ya hapo. Ndiyo sababu sikubaliani na fundi nondo kuchora tenki zima kwa madumu. Kila dumu likizidi nusu lita, ukifika dumu la arobaini umepotea lita 20, na fimbo itaendelea kusema uongo huo miaka yote.

---

fundi nondo (Jumanne, saa 1:52 asubuhi)

Dada, hapo sawa, dumu liwe limepimwa. La bati nalo nakubali, mimi huwa napima nje kwa sababu wakati nakata shiti bado ninavyo vipimo vya nje kichwani. Lakini mzee, milimita 3 kila upande ni kitu kidogo sana kwenye tenki la mita nzima.

---

MzeeKipimo (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)

Kwa sentimita moja ni kidogo kweli, kati ya 9.6 na 9.48. Ila tenki likijaa inakuwa karibu lita 18, kwa sababu na kimo nacho kinapungua. Mwenye mali anazitafuta lita 26 kwa machozi, hawezi kuziacha 18.

---

Mpunga_Mbarali (Jumanne, saa 5:15 asubuhi)

Nimerudi. Bati ni milimita 3 kamili, nimepima mdomoni na kwenye kipande kilichobaki kwa fundi. Ndani kuna ukuta mmoja wa kuzuia mafuta yasiyumbe, una matundu. Tundu la kuchovyea liko upande wa koki ya kumwagia uchafu, kitovu chake kiko sentimita 12 kutoka ukuta wa ndani wa upande huo.

Kuhusu kuinama: limeinama, na fundi alifanya makusudi ili maji na uchafu vikimbilie kwenye koki. Nimetumia mpira mwangavu wenye maji, nimeshika ncha moja huku na nyingine kule. Upande wa koki uko chini kwa milimita 18 kuliko upande wa pili. Ubavuni, yaani kwenye upana, liko sawa.

Hilo la kuinama lina madhara gani?

---

Baharia_Kilwa (Jumanne, saa 6:40 mchana)

Wakuu naingilia kidogo. Mimi nina pipa la lita 200 nimelilaza kwenye boti, napimia kwa ufito. Nimegawanya ufito sehemu kumi sawa, kila sehemu lita 20. Juzi ufito ulionyesha bado 50, nikaishiwa karibu na mlango wa bahari. Hii hesabu ya kuzidisha urefu na upana inanihusu?

---

MzeeKipimo (Jumanne, saa 7:10 mchana)

Haikuhusu, mwanangu, na usiitumie baharini. Tenki la mstatili lina eneo lile lile la sakafu kutoka chini mpaka juu, ndiyo maana alama zake zinaachana sawa. Pipa lililolala ni jembamba chini, pana katikati, jembamba tena juu. Ufito ukilowa nusu ya kimo, hapo kweli una nusu ya mafuta. Ukilowa robo tu ya kimo, usidhani una lita 50. Una kama 39. Alama zako zinapaswa kuachana sana chini na juu, na kubanana katikati. Kwako ile njia ya fundi nondo ya kumimina kipimo kimoja kimoja na kukwaruza ndiyo inayofaa, mradi ufanye pipa likiwa vile vile linavyokaa botini na boti ikiwa imetulia. Na ufito wa mti achana nao. Mti unanyonya mafuta yanapanda juu ya pale yalipofika, kisha unasoma zaidi ya ukweli.

---

Baharia_Kilwa (Jumanne, saa 7:18 mchana)

39! Sasa nimeelewa kilichonipata siku ile. Asante sana mzee.

---

MzeeKipimo (Jumanne, saa 7:45 mchana)

Sasa turudi Mbarali. Ukuta wa ndani usikutishe. Bati la milimita 3 linalopita upana wote wa tenki mpaka karibu na juu linachukua nafasi ya kama lita mbili kwa tenki zima. Liache.

Kuinama ni jambo kubwa zaidi, ila si kwa namna watu wanavyofikiri. Tenki likiinama, uso wa mafuta unabaki sawa na upeo, sakafu ndiyo inayoshuka upande mmoja na kupanda mwingine. Ukichovya katikati kabisa ya tenki unapata kina cha wastani, na hicho ndicho cha kuzidisha na eneo. Kwa maana nyingine, tundu likiwa katikati, kuinama hakukusumbui. Lako liko upande wa chini, ambako kina ni kirefu kuliko wastani. Kwa hiyo fimbo inalowa zaidi na inakusomea lita zaidi ya zilizopo.

Kiasi gani? Kutoka katikati mpaka ukutani ni sentimita 59.7. Toa 12, tundu lako liko sentimita 47.7 kutoka katikati. Tenki linashuka milimita 18 katika sentimita 119.4, kwa hiyo katika 47.7 linashuka milimita 7.2. Fimbo yako inalowa milimita 7.2 za ziada, sawa na lita 6.8. Zinakuwa 6.8 tenki likiwa na lita 100, na 6.8 likiwa na lita 800. Hazibadiliki.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Fimbo ina makosa ya aina mbili. Kosa la kwanza ni la mwachano wa alama, na hilo linakua kadiri unavyochota, kama lile lililomsingizia kijana. Kosa la pili ni la mahali sifuri ilipo, nalo linakaa vile vile muda wote. Ukichanganya haya mawili utarekebisha moja kwa dawa ya lingine, na fimbo itakuwa sawa mahali pamoja tu.

---

mwalimu wa Kitale (Jumanne, saa 1:30 jioni)

Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Kitale, naomba niongeze njia ya kuona hilo la katikati kwa macho. Chukua kontena ya plastiki ya chakula, ile ya mstatili. Tia maji mpaka karibu nusu. Kwa kalamu weka alama ya maji kwenye ubavu mrefu, mahali patatu: mwisho wa kushoto, katikati kamili, mwisho wa kulia. Sasa weka kijiko chini ya mwisho mmoja. Utaona maji yamepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, lakini katikati yamebaki pale pale kwenye alama. Wanafunzi wangu hubishana mpaka waone.

Kuna mpaka, lakini. Maji yakiwa machache hivi kwamba upande wa juu wa sakafu umebaki mkavu, hayo hayafanyi kazi tena. Kwa tenki la ndugu yetu mpaka huo uko kwenye kina cha wastani cha milimita 9, kama lita 8 na nusu. Chini ya hapo asiamini fimbo.

---

MzeeKipimo (Jumanne, saa 1:55 jioni)

Mwalimu umeeleza vizuri kuliko mimi. Na chini ya hapo ni maji na tope tu kwa vyovyote.

Haya, kuchora. Chukua flati mpya ya alumini au shaba nyeupe, urefu mita moja na robo ili upate pa kushika. Ncha ya chini ikate mraba kabisa, isiwe ya mshazari. Sasa onyo moja la muhimu: usichore kwa kupiga hatua kutoka alama moja kwenda nyingine. Kwako lita 10 ni milimita 10.55. Mtu anasema acha niweke 11, ni nusu milimita tu. Akifika alama ya lita 900 ameshaihamisha kwa milimita 40, karibu lita 39. Laza futi ya chuma kando ya fimbo, sifuri ya futi iwe kwenye ncha ya chini, na kila alama ipime kutoka hapo hapo kwenye ncha. Kosa la alama moja halitaambukiza nyingine.

Na kwa kuwa tundu lako linasoma milimita 7.2 za ziada, kila alama ipandishe kwa milimita hizo.

---

mwalimu wa Kitale (Jumanne, saa 2:20 usiku)

Kama una kompyuta, safu ya A andika lita, na kwenye B2 weka hii halafu ishushe mpaka chini. Itakupa milimita kutoka kwenye ncha ya fimbo:

```
=A2*1000000/(1194*794)+7.2
```

1194 na 794 ni urefu na upana wa ndani kwa milimita. Ukihamisha tundu kwenda katikati, futa ile 7.2.

---

Mpunga_Mbarali (Jumanne, saa 3:05 usiku)

Nimepata hivi, naomba mnihakikishie: lita 50 kwenye milimita 59.9, lita 100 kwenye 112.7, lita 200 kwenye 218.2, lita 300 kwenye 323.6, lita 500 kwenye 534.6, na lita 900 kwenye 956.5. Katikati nitaweka mistari mifupi ya kila lita 10.

---

MzeeKipimo (Jumanne, saa 3:20 usiku)

Sawasawa. Zungusha kila moja kwenye nusu milimita iliyo karibu, mkono wa binadamu hauwezi zaidi ya hapo. Usipake rangi wala kuandika kwa kalamu ya wino, dizeli itaosha. Mistari ikate kwa msumeno wa chuma, kina kidogo tu, na namba zigonge kwa nyundo na zile chuma za kugongea namba.

---

Mama Stoo (Jumatano, saa 2:00 asubuhi)

Kuna jambo hamjaligusa na kwangu ndilo la kwanza. "Lita zilizobaki" maana yake nini? Koki ya kupeleka mafuta haiko kwenye sakafu ya tenki, iko juu kidogo. Mafuta yaliyo chini ya koki yamo tenkini lakini injini haitayaona kamwe. Mimi stoo yangu fimbo inaanza sifuri pale koki inapoishia. Dereva akiuliza zimebaki ngapi namwambia anazoweza kupata, simtajii zilizolala chini na tope.

---

MzeeKipimo (Jumatano, saa 2:35 asubuhi)

Mama, hapo tutatofautiana kwa heshima. Ukianza sifuri kwenye koki, siku ukibadilisha koki au ukisafisha tenki fimbo yote haifai. Mimi naacha sifuri chini, halafu nakata mstari mmoja mwekundu, mrefu kuliko mingine, pale injini inapoanza kuvuta hewa. Kwa hesabu ya mali unasoma lita zote, kwa kazi unajua mwisho wako ni mstari mwekundu.

---

Mama Stoo (Jumatano, saa 2:50 asubuhi)

Nakuelewa mzee, ila mimi nimeshaona kijana amesoma "35" akaenda zake shambani akijua ana lita 35, trekta likazima njiani kwa hewa, na kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli ni kazi ya asubuhi nzima. Mstari mwekundu yeye hakuujali. Namba aliiona.

---

Mpunga_Mbarali (Jumatano, saa 4:10 asubuhi)

Nimepima koki yangu. Mdomo wake wa chini uko milimita 45 juu ya sakafu, upande ule ule wa tundu. Kwa hesabu ya mwalimu hiyo ni kama lita 36. Nitafanya ya mzee, niweke mstari mwekundu, lakini chini ya mstari sitaandika namba yoyote. Nadhani hilo linamjibu na mama.

---

Mama Stoo (Jumatano, saa 4:22 asubuhi)

Hilo linapunguza makali lakini mimi bado nabaki na yangu.

---

fundi nondo (Jumatano, saa 6:30 mchana)

Niongeze la ufundi. Pale fimbo inapogonga sakafu, chomelea kipande kidogo cha bati kama sarafu, au basi hakikisha haigongi kwenye mshono wa kuchomelea. Fimbo ikisimama juu ya mshono au juu ya tope, haifiki chini, inalowa kidogo, na inasoma pungufu. Ukiweka kipande, unene wake uuhesabu, kama ni milimita 3 punguza milimita 3 kwenye kila alama. Kazi ya moto kwenye tenki lililowahi kubeba mafuta asifanye yeyote bila kulimwaga, kulisafisha na kulijaza maji. Mvuke ulio ndani ndio unaolipuka.

---

MzeeKipimo (Jumatano, saa 7:00 mchana)

Hiyo ya mwisho ya fundi ishikeni. Na kinyume chake pia kipo: ncha ya fimbo ikilika kwa kugongagonga sakafu, au mtu akaikata kwa makusudi, alama zote zinashuka na fimbo inasoma zaidi ya kilichopo. Sentimita mbili zikikatwa kwako, zinaficha lita 19. Kwa hiyo pima kutoka ncha mpaka mstari wa lita 500 uandike kwenye daftari. Kwako ni milimita 534.6. Kila mwanzo wa mwezi pima tena. Ukikuta 530, uliza.

Kuchovya kwenyewe: acha mafuta yatulie baada ya kumimina. Futa fimbo kwa kitambaa kikavu, paka chaki nyeupe sehemu unayotarajia mafuta yafike, ishushe wima taratibu mpaka uisikie imegusa, usiitupe. Chomoa na usome mara moja pale chaki ilipobadilika rangi. Ukiinamisha fimbo italowa urefu zaidi ya kina. Rudia mara mbili, zikitofautiana zaidi ya milimita mbili rudia tena.

---

KijanaWaGereji (Jumatano, saa 1:15 jioni)

Majirani wenye pawatila wakija kununua lita tano tano kwenye hilo tenki anaweza kuwauzia kwa kusoma fimbo hiyo?

---

Mama Stoo (Jumatano, saa 1:30 jioni)

Hapana. Fimbo hii ni ya hesabu zake za ndani. Kipimo cha kuuzia lazima kihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na biashara ya kuuza mafuta ina leseni yake EWURA. Tena lita tano kwake ni milimita tano tu za fimbo, hata mwenye macho mazuri hawezi kuuza haki kwa kipimo hicho.

---

Mpunga_Mbarali (Jumapili, saa 3:00 asubuhi)

Wakuu, nimerudi na majibu. Fimbo mpya imekamilika Ijumaa. Jana nimeijaribu hivi: asubuhi nimechovya, imelowa milimita 292, yaani lita 270 kwenye alama. Kijana wangu wa stoo alikuwepo, yeye ndiye aliyeshika fimbo. Saa nane mchana yakaja mapipa yamebeba jumla ya lita 200 kamili kutoka kituoni, pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo na mimi mwenyewe nilisimama nikiangalia namba. Tukamimina yote. Leo saa moja asubuhi tumechovya mara tatu.

Kwa hesabu ilipaswa kulowa milimita 503. Imelowa 501, mara zote tatu. Kwenye alama ni lita 468 badala ya 470.

Fimbo ya zamani tuliichovya pia. Ilisoma 292 kabla na 501 baada. Yaani kwa mafuta yale yale ya lita 200 yenyewe ilihesabu 209.

Milimita mbili zimekwenda wapi?

---

fundi nondo (Jumapili, saa 3:40 asubuhi)

Tumbo. Bati la milimita 3 lenye upana wa mita na ushee likibeba mafuta linasukumwa nje kidogo ubavuni. Tenki linakuwa pana kuliko vipimo vyako, mafuta yanakaa chini kidogo. Weka rula ndefu ubavuni utaona mwanga katikati.

---

Mama Stoo (Jumapili, saa 4:05 asubuhi)

Mapipa hayamwagiki yote. Lita moja hubaki kwenye ukingo wa kila pipa usipoliinamisha na kulisubiri. Mapipa yalikuwa mangapi?

---

MzeeKipimo (Jumapili, saa 4:50 asubuhi)

Mimi nasema joto. Dizeli inatanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mapipa yamesafiri juani, yamemiminwa saa nane mchana, umechovya saa moja asubuhi ya baridi ya Mbarali. Yakipoa nyuzi 12 tu, lita 200 zinapungua karibu lita mbili bila mtu kugusa. Zile 270 za ndani hazikupata jua lile. Lakini sitambishia mama wala fundi mpaka tupime.

---

Mpunga_Mbarali (Jumapili, saa 5:20 asubuhi)

Mapipa yalikuwa mawili, ya lita 100 kila moja, na kweli tuliyainamisha kwa haraka. Rula nimeweka ubavuni, naona mwanga mwembamba kama unene wa kadi ya simu. Kwa hiyo sijui nimwamini nani kati yenu watatu.

Jumamosi yanakuja mengine mawili. Nitayaacha kivulini usiku kucha, nitayamimina asubuhi na mapema, tutayainamisha mpaka tone la mwisho, ndipo tuchovye. Nikikuta tena zimepungua milimita mbili basi ni tumbo la fundi. Kijana ameomba yeye ndiye aandike namba, na nimemwachia daftari.